Kitako Kipana Si Ushahidi: Piramidi ya Murera Inavyosomwa Vibaya

Kuna dai ambalo limezoeleka katika ukanda huu wa Ruiru, Juja na Thika hadi halihojiwi tena. Utalisikia kwenye baraza la chifu, kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, na katika darasa la Jiografia mwalimu anapofika kwenye mada ya idadi ya watu. Linasema hivi: tazameni piramidi ya watu wa huku kwetu Murera. Kitako chake ni kipana, kilele chake ni chembamba. Basi wanawake wa huku wanazaa kupita kiasi, na wazee ni wachache kiasi kwamba uzee ni shida ya watu wengine. Kutoka hapo hatua ya kisera hufuata bila mjadala: mahubiri ya uzazi wa mpango kwa wapangaji wa ploti, madarasa ya chekechea kwa watoto wao, na kwa wazee, subira.

Naamini dai hili ni kosa katika kila sehemu yake, na kosa hilo lina gharama. Lakini kwanza nilieleze kwa haki, kwa sababu wanaolitoa si wajinga.

Piramidi ya watu ni mchoro wa pau zilizolazwa kwa tabaka, kila pau ikiwa kundi la umri wa miaka mitano. Wanaume huwekwa kushoto na wanawake kulia, watoto wachanga chini kabisa na wakongwe juu. Shuleni tulifundishwa kwamba kitako kipana ni uzazi mkubwa, kwamba kupungua kwa kasi kuelekea juu ni vifo vingi, na kwamba mchoro unaofanana na pipa ni wa nchi inayozaa kidogo na kuishi sana. Kwa nchi nzima isiyopokea wala kupoteza watu wengi, kanuni hiyo inafanya kazi. Kenya ya mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa mfano safi. Utafiti wa uzazi wa 1977/78 ulikuta kwamba, kwa mwendo wa wakati ule, mwanamke mmoja angezaa wastani wa watoto 8.1 maishani mwake, na mchoro wa taifa ulikuwa na kitako kilichotanuka sana.

Wenye dai hili pia wana macho. Wanaona chekechea za mabati kila baada ya ploti chache, foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni kwenye zahanati, na madarasa ya gredi za chini yaliyojaa. Wanaunganisha mambo hayo na mchoro, na hitimisho linaonekana wazi. Tatizo ni kwamba wamemruka mtu wa kwanza waliyepaswa kumwangalia, naye yuko katikati ya mchoro.

Hoja ya kwanza: umbo hili halikuzaliwa hapa

Piramidi haichori uzazi. Inachora watu waliokutwa mahali fulani usiku wa sensa, ambao mara ya mwisho ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Mtu huingia katika mchoro wa mahali kwa njia mbili, kuzaliwa hapo au kuhamia, na hutoka kwa njia mbili, kufa au kuhama. Kanuni ya darasani imeshika kuzaliwa na kufa, na suala la kuhama na kuhamia imekuachia. Katika wadi iliyo kando ya barabara kuu ya Thika, kati ya Ruiru na Juja, hilo uliloachiwa ndilo kubwa kuliko yote.

Tuchukue hesabu ya kaunti yenyewe, kwa kuwa kila mtu anaweza kuikagua. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 Kiambu. Ile ya 2019 ilihesabu 2,417,735. Hilo ni ongezeko la asilimia 49 katika miaka kumi. Kenya nzima katika muda huo iliongezeka kwa asilimia 23, kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Tuseme Kiambu ilikua kwa mwendo ule ule wa taifa. Ingefika watu milioni 2 hivi. Waliobaki, zaidi ya 400,000, hawawezi kuelezwa kwa uzazi, kwa sababu Kiambu inazaa chini ya wastani wa taifa. Utafiti wa afya na demografia wa 2014 ulikuta wastani wa watoto 2.7 kwa mwanamke wa Kiambu wakati Kenya nzima ilikuwa 3.9. Kaunti ambayo wanawake wake walikuwa miongoni mwa wanaozaa kidogo zaidi nchini ndiyo iliyokua kwa kasi maradufu ya nchi. Anayetaka kushikilia kwamba ongezeko hili limetoka wodi ya kujifungulia aeleze hesabu hiyo kwanza.

Walikotoka tunakujua. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyokamilika 2012, safari ya kwenda mjini ilifupika, na mashamba ya kahawa pande za Ruiru na Juja yakaanza kukatwa vipande vya futi 50 kwa 100. Ghorofa za bedsita zikafuata. Viwanda vya Thika na Ruiru vilihitaji mikono, chuo cha JKUAT pale Juja kilihitaji malazi ya wanafunzi, na Nairobi ilihitaji mahali pa kulaza wafanyakazi wake kwa kodi wanayoweza kulipa. Wote hao wana sifa moja: wengi wako kati ya miaka 20 na 34.

Ndiyo maana mchoro wa ukanda kama huu una kiuno. Chini kuna pau pana ya watoto wa miaka 0 hadi 4. Juu yake pau zinafinyika kuanzia miaka 10 hadi 19. Kisha ghafla mchoro unafura kwenye miaka 20 hadi 34, halafu unakatika upesi baada ya 45. Kama kitako kipana kingekuwa kimetokana na uzazi mkubwa wa muda mrefu, pau ya miaka 10 hadi 14 nayo ingekuwa pana, kwa kuwa watoto hao ni wa mama wale wale miaka kumi iliyopita. Kufinyika kwake kunatuambia kwamba mama hao hawakuwa hapa, au kwamba mtoto akikua anapelekwa ushago. Kiuno hicho ni alama ya uhamiaji, na kinaonekana hata kabla hujasoma tarakimu moja.

Mwenye shaka atazame mchoro wa Katar au wa Falme za Kiarabu. Upande wa wanaume umefura vibaya sana kati ya miaka 25 na 44, kwa sababu ya vibarua, walinzi na madereva kutoka Asia na Afrika, baadhi yao kutoka hapa kwetu. Hakuna mtu anayeuangalia mchoro huo na kusema kwamba wanawake wa Doha waliwahi kuzaa wavulana watupu. Kila mtu anaelewa kwamba ni ajira. Akili hiyo hiyo hatuitumii tukiangalia Murera, na sababu ninayoiona ni kwamba ni rahisi kumlaumu mwanamke mpangaji kuliko kuuliza nani aliruhusu ghorofa ishirini zijengwe pasipo bomba la majitaka.

Hoja ya pili: upana wa kitako ugawanywe kwa mama

Kitako ni idadi ya watoto. Kiwango cha uzazi ni idadi ya watoto kwa kila mwanamke. Hivi ni vitu viwili, na huwezi kukipata cha pili kwa kukitazama cha kwanza. Lazima ugawanye.

Njia ya kugawanya ni rahisi, na haihitaji zaidi ya kalamu. Chukua watoto wa miaka 0 hadi 4. Wagawanye kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Zidisha kwa 7. Kwa nini 7? Kwa sababu mwanamke huhesabiwa kuwa katika umri wa kuzaa kwa miaka 35, na watoto wa kitako ni wa miaka 5 iliyopita tu. 35 gawanya kwa 5 ni 7. Utakachopata ni makadirio ya watoto ambao mwanamke angezaa maishani kwa mwendo huo.

Nichukue mfano wa kubuni wa makazi mawili yenye watu 1,000 kila moja. La kwanza ni mtaa wa wapangaji kama ule wa Murera, la pili ni kijiji cha mbali. Yote mawili yana watoto 120 wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo ukichora piramidi mbili, vitako vitalingana kabisa. Lakini mtaa wa wapangaji una wanawake 340 wa umri wa kuzaa, na kijiji kina 230. Kwa mtaa, 120 gawanya kwa 340 ni 0.35, mara 7 ni takriban 2.5. Kwa kijiji, 120 gawanya kwa 230 ni 0.52, mara 7 ni takriban 3.7. Kitako ni kimoja, na tofauti ya uzazi ni zaidi ya mtoto mmoja mzima kwa kila mwanamke. Aliyesoma kitako peke yake angesema sehemu hizi mbili zinazaa sawa.

Na hiyo 2.5 ya mtaa wa wapangaji bado imezidishwa. Kanuni ya 7 inachukulia kwamba wanawake wametawanyika sawasawa kuanzia miaka 15 hadi 49. Mtaani kwetu hawakutawanyika hivyo. Wamerundikana kati ya 20 na 34, miaka ambayo karibu kila mwanamke huzaa kama atazaa. Ukiwakuta watu wakiwa katika miaka yao ya kuzaa, utakuta watoto wengi hata kama kila mmoja atakoma baada ya wawili. Makadirio sahihi yatashuka chini ya 2.5.

Kuna masahihisho yanayovuta upande wa pili, na si haki kuyaficha. Watoto waliokufa kabla ya sensa hawamo kwenye kitako. Utafiti wa 2022 ulikadiria vifo 41 kwa kila watoto 1,000 kabla ya kufikisha miaka mitano, kwa hiyo athari yake ni ndogo. Kubwa zaidi ni watoto walioachwa kwa nyanya zao ushago wakati mama anafanya kazi kiwandani Ruiru. Mtoto huyo anaongeza kitako cha kijiji na kupunguza cha mtaa. Anayetaka usahihi lazima aende kwenye utafiti unaomuuliza mwanamke mwenyewe amezaa wangapi, kama ule wa 2014 na wa 2022, badala ya kubahatisha kwa umbo. Na tafiti hizo zimesema kwa uwazi: taifa lilikuwa 8.1 mwaka 1977/78, likafika 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022.

Hapa mtu huniuliza: kama uzazi umeshuka hivyo, mbona watoto ni wengi? Jibu ni kwamba mama ni wengi. Wasichana waliozaliwa wakati familia zilikuwa na watoto sita na saba ndio wanaojifungua leo. Wanawake mia moja wakizaa watano kila mmoja, watoto ni 500. Wanawake mia mbili na hamsini wakizaa wawili na nusu kila mmoja, watoto ni 625. Kiwango kimeshuka kwa nusu na wodi imejaa zaidi. Foleni ya zahanati unayoiona ni kumbukumbu ya uamuzi wa bibi zetu miaka arobaini iliyopita, na mahubiri kwa mama wa leo hayawezi kuibadilisha. Ongeza juu ya hapo mama waliohamia, na umeeleza kitako cha Murera chote bila kumtuhumu mtu yeyote.

Gharama ya kosa hili ni ya kila siku. Kaunti ikiamini shida ni uzazi, inapeleka ujumbe kwa wanawake ambao tayari wanazaa kidogo, na inaacha kuwapa kile wanachokosa: chumba cha kujifungulia kilicho karibu, mahali salama pa kumwacha mtoto wakiwa kazini, maji. Na ikipanga shule kwa kuangalia kitako peke yake, inajenga madarasa ya mwaka wa sita kutoka sasa kwa watoto ambao nusu yao huenda watakuwa wamehama na wazazi wao. Njia ya kujua ipo: linganisha watoto wa 0 hadi 4 wa sensa moja na wa 10 hadi 14 wa sensa inayofuata katika kaunti ndogo hiyo hiyo. Wakiwa wamepungua sana, wameondoka.

Hoja ya tatu: kitako chenyewe kimehesabiwa vibaya

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Wametazama mchoro wa taifa wa 2019, wakaona pau ya chini kabisa ni fupi kuliko zilizo juu yake, wakatangaza kwamba Wakenya wameacha kuzaa. Watoto wa 0 hadi 4 walikuwa karibu milioni 6, na wale wa 10 hadi 14 zaidi ya milioni 6.3.

Sasa fuata rika moja. Watoto waliokuwa na miaka 0 hadi 4 mwaka 2009 ndio waliokuwa na 10 hadi 14 mwaka 2019. Mwaka 2009 walihesabiwa milioni 5.94. Miaka kumi baadaye, baada ya baadhi yao kufariki, walihesabiwa zaidi ya milioni 6.3. Rika haliwezi kuongezeka kwa kuzeeka, na hatukupokea mamia ya maelfu ya watoto kutoka nje. Maelezo ya kawaida ni kwamba watoto wadogo hawakuhesabiwa vizuri mwaka 2009. Karani anauliza nani alilala hapa, na mtoto mchanga anasahaulika, au umri wake unazungushwa na kuandikwa mitano wakati hajafika. Kasoro hii inajulikana katika sensa nyingi duniani, na hakuna sababu ya kuamini kwamba 2019 iliikwepa kabisa. Pengo la chini ya mchoro, basi, kwa sehemu ni watoto ambao hawakuandikwa.

Kushuka kwa uzazi kupo hata hivyo, ila kunaonekana mahali pengine. Ukichukua sensa hizi mbili pamoja na kasoro zao zinazofanana, watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 15.4 ya Wakenya mwaka 2009 na asilimia 12.6 mwaka 2019. Idadi yao ilikaribia kusimama huku taifa likiongezeka kwa watu milioni 9. Huo ni ushahidi. Urefu wa pau moja kwenye mchoro mmoja sio.

Jambo dogo la kuongeza: majedwali ya umri na jinsia ambayo Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilichapisha baada ya sensa ya 2019 yanashuka hadi kaunti ndogo. Anayekuonyesha piramidi ya Murera mara nyingi anakuonyesha ya Juja au ya Ruiru na kuiita ya wadi. Muulize ameitoa wapi.

Hoja ya nne: kilele chembamba na wazee wanaokuja

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi.

Wanasema kilele ni chembamba, kwa hiyo hatuzeeki. Lakini wembamba wa kilele unapimwa kwa asilimia, na asilimia ya wazee huamuliwa zaidi na idadi ya vijana kuliko na wazee wenyewe. Mwanademografia Mmarekani Ansley Coale alionyesha jambo hili katika miaka ya 1950: jamii za Ulaya zilizeeka hasa kwa sababu zilizaa kidogo, na kuishi muda mrefu kulikuja kuwa sababu kubwa baadaye tu. Uhamiaji unafanya kazi ile ile kwa kasi zaidi. Mtaa wenye watu 1,000 na wazee 30 una asilimia 3 ya wazee. Wakija wapangaji vijana 400, wazee ni wale wale 30, na asilimia yao imeshuka hadi 2.1. Hakuna ajuza aliyerudi ujanani, wala dawa ya shinikizo la damu iliyopungua kuhitajika. Kinyume chake, kijiji chenye watu 1,000 na wazee 60 kikipoteza vijana 400 kinaruka kutoka asilimia 6 hadi 10 bila mtu yeyote kuzeeka siku moja zaidi.

Watu wale wale wanaosema Murera inazaa mno ndio nimewasikia wakilia kwamba vijiji vya milimani, huko Nyeri na Murang'a, vinakufa kwa kukosa watoto. Hawajaona kwamba wanaangalia pande mbili za safari moja. Kijana aliyetoka kwenye kiuno cha piramidi ya kijijini ndiye aliyefura katikati ya piramidi ya Murera, na mtoto aliyemzaa ndiye aliyeongeza kitako cha huku na kupunguza cha kule.

Wazee nao wanaongezeka kwa idadi kamili, ambayo ndiyo inayojaza kliniki. Wakenya wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 1.9 mwaka 2009 na milioni 2.7 mwaka 2019. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 wakati taifa liliongezeka kwa 23. Kwenye mchoro badiliko hilo ni unywele, kwa sababu pau za juu ni fupi na macho yetu yameelekezwa chini.

Lakini uzee wa Murera hauko kwenye kilele. Uko katikati, kwenye ule uvimbe wa miaka 20 hadi 34. Piramidi ina sifa moja ambayo haishindwi na hoja yoyote: kila pau hupanda ngazi moja kila baada ya miaka mitano. Waliokuwa na miaka 25 hadi 34 usiku wa sensa ya 2019 walizaliwa kati ya 1985 na 1994 hivi. Wataanza kutimiza miaka 60 karibu 2045, na wa mwisho wao watatimiza karibu 2054. Mahali penye watu wa umri mchanganyiko huzeeka polepole. Mahali palipojengwa na rika moja patazeeka kwa mkupuo, kama watabaki.

Na wengi watabaki. Wapangaji wanaweza kuondoka, ingawa wengi wao hawana pa kurudi, maana shamba la baba limegawanywa kwa ndugu hadi halitoshi nyumba na kaburi. Wale walionunua kipande cha futi 50 kwa 100 kwa mkopo wa sacco na kujenga wamekwisha kuamua watazeekea wapi. Nyumba zao zina ngazi za zege zisizo na reli, na barabara zao hazina kijia cha miguu.

Watatunzwa na nani? Mama aliyezaa katika miaka ya 1970, kwa kiwango kile cha 8.1, akifika uzeeni ana watoto kadhaa wa kugawana mzigo. Mmoja analipa hospitali, mwingine analeta chakula, mwingine anaishi naye. Mama wa Murera wa leo ana watoto wawili au watatu, na huenda mmoja wao yuko Doha. Sehemu kubwa ya rika hili inafanya kazi za jua kali, boda boda, vibanda na vibarua vya siku, mahali ambapo mchango wa NSSF haukatwi kwa mfululizo au haukatwi kabisa. Mpango wa Inua Jamii unaolipa wazee wa miaka 70 na zaidi ulianza 2018 kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo 2,000 hazilipi bedsita, na kati ya miaka 60 na 70 mpango huo haumtambui mtu.

Kwa hiyo anayesema kwamba kilele chembamba kinatupa muda wa kusubiri amegeuza mambo. Muda upo sasa kwa sababu rika hili bado linafanya kazi na linaweza kuchanga. Likishafika kileleni na mchoro ukapata umbo ambalo hata mwalimu wa Jiografia ataliita la kizee, miaka yao ya kuchanga itakuwa imepita. Kusubiri kilele kipanuke ndipo tupange ni kusubiri hadi jambo lisiwezekane.

Wapo watakaojibu kwamba labda wapangaji hawa ni wapita njia tu, kwamba kila rika litaondoka na kupisha jingine, na Murera itabaki changa milele. Hilo linawezekana, na linaweza kupimwa. Sensa ijayo ikija, kwa desturi yetu ya kila miaka kumi, tusianze na kitako. Tuchukue pau ya miaka 20 hadi 24 ya Juja na Ruiru mwaka 2019, tuiweke kando ya pau ya miaka 30 hadi 34 ya 2029. Halafu ya 25 hadi 29 kando ya 35 hadi 39, na ya 30 hadi 34 kando ya 40 hadi 44. Pau za pili zikiwa fupi sana kuliko za kwanza, rika limehama, na wapinzani wangu wana hoja kuhusu uzee wa hapa, ingawa watu hao watakuwa wanazeeka mahali pengine na kaunti nyingine itatuma ankara. Zikilingana au zikizidi, rika limetulia, na kila ofisi inayopanga barabara, zahanati na nyumba katika ukanda huu itakuwa na miaka kumi na mitano hivi kabla ya watu hao kuanza kufika sitini.